Buluu Iliyozidi

Mtaa mzima ulimwita Siku Tatu, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Alikuwa fundi wa televisheni, mtu wa miaka sitini na mitatu, mrefu, mwembamba, mwenye mabega yaliyoinama kwa kuchungulia nyuma ya runinga za watu. Siku hizi kazi ya kuchomelea waya na kubadilisha vipuri ilikuwa imepungua, maana watu wakiharibikiwa hununua nyingine. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyemfikia, nalo ni kusawazisha rangi kwa jicho.

Ukimwita nyumbani kwako ukalalamika kwamba picha inakuumiza macho, alikuwa akisimama mbele ya kioo, mikono nyuma, kimya, kama daktari aliyeitwa kwa mgonjwa wa tajiri. Kisha anatoa hukumu yake.

"Buluu imezidi."

Mara tisa katika kumi alikuwa hakosei, na wala hakuhitaji uganga. Televisheni nyingi hufika nyumbani zikiwa bado kwenye mpangilio wa Baridi, ule unaozifanya ziwake dukani. Weupe uliotiwa buluu hulaghai jicho, huonekana ni weupe zaidi, basi mnunuzi anafungua pochi. Akishafika nayo sebuleni anaishi na watangazaji wenye nyuso za watu waliokaa kwenye barafu, na wala hajui kinachomsumbua. Siku Tatu alikuwa akichukua rimoti, anaingia kwenye menyu, kwanza anazima vile vikorokoro vyote vinavyobadili picha vyenyewe bila kuombwa, kisha anatoa kwenye Baridi na kupeleka kwenye Joto. Chumba kizima kilikuwa kikipiga kelele.

"Fundi! Mbona umeifanya ya njano kama gazeti la zamani?"

"Siku tatu," anajibu. "Macho yako yamelewa buluu, yape siku tatu yalevuke. Zikipita bado huipendi, nipigie nije nikurudishie maiti zako."

Mwalimu mmoja mstaafu alimpigia siku ya pili kumtukana, na siku ya nne akampigia tena kumwomba radhi. Akasema amegundua kwamba mtangazaji wa habari za saa mbili ni kijana mwenye afya, miaka yote alikuwa akimwonea huruma bure.

Kupeleka kwenye Joto kulikuwa mwanzo tu. Baada ya hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Alikuwa na flashi iliyojaa picha za kupimia, na alizipenda kuliko filamu yoyote. Alifunga mapazia yote isipokuwa moja la ubavuni, akaiacha televisheni iwake nusu saa ipate moto, kisha akaanza na picha ya mistari myeusi, apate giza lililo sawa, lisiwe ukungu wala lisimeze kila kitu. Halafu ikaja picha ya ngazi, vipande vya kijivu vilivyopangwa kutoka weusi mpaka weupe. Hapo ndipo alipokaa muda mrefu. Kijivu hakina rangi, kwa hiyo hakiwezi kuficha rangi ya mtu mwingine. Ngazi za juu zikiwa na buluu, anapunguza buluu ya sehemu angavu. Ngazi za chini zikiwa na wekundu, anashika wekundu wa sehemu za giza. Ukigusa huku kule kunayumba, basi anarudi juu, anashuka, anarudi, mpaka ngazi zote ziwe kijivu kitupu kisicho na ndugu. Mwisho kabisa anaweka picha ya milia ya rangi na kuitazama kupitia kipande cha plastiki ya buluu, kuona kama rangi zimekolea inavyotakiwa.

Na kila baada ya dakika mbili alikuwa akigeuza uso, anatazama kadi yake ya kijivu aliyoisimamisha kwenye mwanga wa dirisha. "Jicho ni mwongo mwenye adabu," alikuwa akisema. "Ukililisha buluu dakika kumi, linakuambia hiyo ndiyo nyeupe, ili lisikuudhi."

Alikuwa na sheria moja, na aliirudia kwa kila aliyetaka kujifunza kwake: usitengeneze televisheni kwa uso wa mtu. Uso una damu, una jua, una poda, una taa iliyouangukia. Uso wa mtu unayempenda ndio mbaya kuliko zote, maana huuoni, unaukumbuka.

Sasa niwaambie kwamba sheria hiyo aliivunja nyumbani kwake, na aliivunja kwa miaka minne.

Mke wake alifariki miaka minne nyuma. Binti yao wa pekee alikuwa ameolewa nchi nyingine, ana mtoto mmoja, na hupiga simu kila Jumapili. Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu, na Siku Tatu aliishi katika kimoja na nusu. Chumba cha kulala kilikuwa cha kulala tu. Jikoni aliingia, akachemsha chai, akatoka. Mara kwa mara alijikuta ameteremsha vikombe viwili, akasimama navyo hapo kama mtu aliyeulizwa swali, kisha akarudisha kimoja. Jioni, kwa kuwa hakupenda nyumba iwe kimya na giza, alikuwa akiwasha televisheni na kuiweka kwenye ile picha ya ngazi za kijivu. Alikula chakula chake mbele ya ngazi. Majirani waliopita dirishani walidhani mzee ameanza kuchanganyikiwa. Hakuwa amechanganyikiwa. Alikuwa mpweke, na upweke ukizoeleka hufanana sana na tabia.

Ngazi zikimchosha, aliweka ile video.

Mke wake hakupenda kupigwa picha. Alikuwa akiificha sura kwa kiganja na kusema atakuja kupigwa akinenepa. Kilichobaki chake kinachotembea na kucheka kilikuwa ni video moja ya dakika nne na kidogo, iliyopigwa na mpwa wake barazani kwa ndugu mmoja, mchana, siku familia ilipokutana. Mpwa huyo aliijua kamera kama paka anavyojua kuogelea. Aliiacha kwenye mpangilio wa kupiga ndani ya taa za balbu, akatoka nayo nje. Kamera iliyoambiwa kwamba kuna balbu ya njano humwaga buluu ili kuisawazisha, na kwa kuwa nje hapakuwa na balbu, buluu ile ilibaki pale pale, juu ya kila kitu. Ukuta wa buluu, mikono ya watu ya buluu, na mke wa fundi amekaa mwisho wa meza na shali yake mabegani, anamimina chai ya buluu huku akicheka.

Ilikuwa miezi mitano kabla ya kifo chake.

Siku Tatu hakuweza kumwona vile. Mwezi ule ule wa msiba alikaa na rimoti akavuta buluu chini, akapandisha wekundu, akavuta, akapandisha, mpaka uso ukapata moto. Akasema, huyu sasa ni yeye. Mipangilio hiyo akaihifadhi na hakuigusa tena. Ndiyo maana habari za saa mbili nyumbani kwa fundi bingwa zilisomwa na watu wekundu kama waliotoka kukimbizwa, na ndiyo maana hakumkaribisha mteja hata mmoja kwake. Ile picha ya ngazi aliyokuwa akila chakula mbele yake nayo ilikuwa na wekundu tangu chini hadi juu. Alijua. Alikuwa akiitazama ngazi iliyopotoka kila jioni na akimeza tonge.

Basi Jumapili moja binti yake alipiga simu.

"Baba, huyu mtoto ananisumbua. Anataka kumwona bibi yake. Ile video niliyonayo mimi ni ya buluu, ameniuliza kama bibi alikuwa mzimu."

"Mwambie hakuwa mzimu."

"Nimemwambia. Baba, wewe ndiye mwenye macho. Ile kompyuta niliyokuletea ina programu ya kurekebisha rangi. Nitengenezee. Lakini usimpambe, nataka rangi yake ya kweli, ile ile."

"Rangi yake ya kweli," alirudia fundi.

"Wewe si unaikumbuka?"

"Naikumbuka," akasema haraka, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa kama amefunga mlango.

Alipokata simu aliwasha televisheni akaitazama video, na kwa mara ya kwanza akajiuliza swali ambalo kwa mteja angeuliza mwanzo: nimejuaje? Kwa jicho lipi? Alikuwa amemtengeneza kwa kumbukumbu, halafu kwa miaka minne akamtazama yule aliyemtengeneza mpaka akawa ndiyo kumbukumbu. Hakuna tena mahali pengine pa kumpata. Kama amekosea, basi amempoteza mara ya pili, na safari hii ni kwa mkono wake mwenyewe.

Akamwita shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi cherehani aliyekaa mitaa miwili kutoka pale. Walikuwa hawaonani sana. Tangu msiba kila mmoja alikuwa akimkwepa mwenzake kwa heshima. Alikuja Jumamosi asubuhi, akaketi kwenye ukingo wa kochi bila kuweka pochi chini.

Fundi akaweka video. Shemeji alitazama dakika nzima, kisha akaguna.

"Shemeji, huyu nani?"

"Dada yako."

"Dada yangu hakuwa mwekundu hivi hata siku alipoungua na jua. Umempika! Na hiyo shali umeipaka udongo?"

"Shali yake si ilikuwa ya kahawia?"

"Kahawia?" Shemeji alimgeukia mwili mzima. "Ilikuwa ya kijivu. Tulinunua mbili siku moja, duka moja, gora moja. Moja yake, moja yangu. Kijivu cha jivu kabisa, mwenyewe alisema imekaa kama shali ya bibi kizee."

"Mimi niliiona kahawia miaka yote."

"Uliiona wapi? Humu ndani?" Alinyoosha kidole juu, kwenye balbu ya njano. Marehemu alipenda taa za njano. Alisema taa nyeupe zinamkumbusha hospitali, na fundi akamfungia za njano nyumba nzima. "Humu ndani hata mimi ni kahawia."

Fundi aliitazama balbu, kisha shali ya kwenye kioo. Akaanza kuona mlango mbele yake. Kijivu, ndani ya video yenyewe, mabegani mwake. Maisha yake yote alikuwa akitembea na kadi ya kijivu mfukoni, na mke wake alikuwa amevaa kadi hiyo dakika zote nne.

"Yako bado unayo?"

"Iko sandukuni. Sijaivaa tangu msiba."

"Niletee kesho, shemeji. Tafadhali. Saa nne, kuwe na mwanga."

Shemeji aliinuka, akafika mlangoni, akasimama. "Una hakika unataka rangi ya kweli?"

"Mjukuu wangu anataka kumwona bibi yake."

"Sikukuuliza kuhusu mjukuu," alisema, akaondoka.

Siku Tatu hakulitilia maneno hayo maanani. Mtu aliyepata kipimo hasikii kingine. Jumapili aliamka akaanza kazi kama yuko kwa mteja. Aliiwasha televisheni ipate moto. Akafuta mipangilio ile ya miaka minne, na kidole chake kilisita juu ya kitufe kwa muda ambao hakumweleza mtu. Alipobonyeza, kumbukumbu yake nzima ikaondoka bila sauti. Akaweka Joto la kawaida, akaweka ngazi, akaanza kupanda na kushuka. Buluu kidogo chini kwenye sehemu angavu. Kijani nukta moja. Anatazama dirishani, anarudi. Iliposawazika, ngazi zilisimama kijivu kitupu, na sebule ikaonekana kama imefuliwa. Kisha akaunganisha kompyuta, akaiweka video, na mke wake akarudi wa buluu kama siku ya kwanza. Fundi aliuma mdomo. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, alijiambia. Televisheni ikiwa kweli, uongo wa kamera nao huonekana kweli, na hapo ndipo unaweza kuurekebisha kwenye video yenyewe badala ya kukipotosha kioo.

Shemeji alifika saa nne kamili na shali ndani ya mfuko. Nje kulikuwa na mawingu mepesi, mwanga ule ule fundi alioupenda, usio na jua kali la kuchoma wala balbu. Alizima taa zote. Akafungua pazia la ubavuni tu ili mwanga usipige kioo, akaitundika shali kwenye kiti karibu na televisheni, mwanga wa dirisha ukiiangukia. Ilikuwa ya kijivu kweli. Aliishika kwa vidole viwili, akaiachia.

"Kaa hapo unisaidie," alimwambia. "Macho mawili yanaweza kukubaliana uongo. Manne ni vigumu."

Alisimamisha video mahali ambapo marehemu amegeuka, shali imejaa begani, haina kivuli. Kwenye kompyuta kulikuwa na kitufe cha kuteleza, upande mmoja baridi, upande wa pili joto. Akaanza kukisogeza kuelekea joto, kidogo kidogo. Shali ya kwenye kioo ikatoka buluu ya bahari, ikawa buluu ya moshi, ikaanza kufifia.

"Bado," alisema shemeji.

Akasogeza.

"Bado kidogo. Hapo. Hapana, hapo imeanza kuwa chai. Rudi."

Akarudi nukta. Akatazama shali ya kiti, akatazama shali ya kioo. Akafumba macho, akahesabu mpaka kumi, akafumbua. Zilikuwa kitambaa kimoja. Gora moja, duka moja. Moyo wake ulimdunda kwa furaha ya ufundi, furaha ya kijinga ya mtu aliyepata alichokitafuta, na akiwa bado ndani ya furaha hiyo alipandisha macho kutoka begani kwenda usoni.

Ngozi ilikuwa imepauka. Haikuwa na moto wowote. Ilikuwa na unjano, kama karatasi iliyokaa dirishani, na aliposogea karibu, akaona macho. Weupe wa macho haukuwa mweupe. Shali kijivu, pindo za shali nyeupe safi, kikombe mkononi cheupe, na macho ya njano.

Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa la kifundi. Alidhani amekosea. Akarudisha picha ya ngazi: kijivu, chini hadi juu. Akarudi kwenye video. Akatafuta mahali pengine pa kusimamisha, nusu dakika mbele, uso umeelekea nje kwenye mwanga. Kikombe cheupe. Pindo nyeupe. Macho ya njano. Hakuna kipimo kilichobaki cha kulaumu.

Na akaelewa jinsi alivyokosa kuyaona. Kwenye video ya buluu, buluu ile ilikuwa imeula unjano wa macho ukabaki weupe, macho meupe katika dunia ya buluu, na yeye fundi hakujiuliza kwa nini macho peke yake yamenusurika. Kwenye rangi yake ya kupika, kila kitu kilikuwa cha njano na nyekundu, basi macho yakapotea katikati ya wenzake. Alikuwa amemponya kwa rimoti na kukaa naye miaka minne.

"Alikuwa mgonjwa," alisema.

Aliugusa uso ule kwenye kioo kwa kidole.

"Siku ile tayari alikuwa mgonjwa. Daktari alituambia tumechelewa. Mimi nimemwambia binti yangu ugonjwa ulikuja ghafla. Nimewaambia watu wote ghafla. Ini, ghafla." Aligeuka. Shemeji alikuwa ameikunja mikono mapajani na anaitazama sakafu, na fundi, aliyezoea kusoma tofauti ndogo kuliko hiyo, akaisoma. "Wewe ulijua."

"Nilimwona siku ile ile, barazani. Pale kwenye mwanga nani asingeona? Nikamvuta pembeni, nikamwambia dada, macho yako. Akasema anajua, yana wiki mbili hivi. Nikamwambia twende hospitali kesho. Akasema bado."

"Bado nini?"

"Shemeji, yaache."

"Bado nini?"

Shemeji alishusha pumzi. "Aliogopa. Alisema akienda peke yake watamwambia kitu na atarudi nacho peke yake. Alitaka uende naye. Nikasema basi mwambie. Akasema hapana. Akasema, 'Mume wangu huyu anaona nukta moja ya buluu kwenye televisheni ya jirani. Ngoja aione yangu mwenyewe. Siku atakayoniona, nitakwenda naye.' Aliniapisha nisikuambie. Nami nikakaa kimya, mjinga mimi, nikijua ni suala la siku mbili tatu tu, utamwona. Wewe! Wewe si ungemwona?"

Sauti ilimkatika hapo, akaanza kulia kwa hasira, na fundi hakujua hasira ile ni ya nani kati yao wawili.

Angeweza kujitetea. Angeweza kusema kwamba chini ya balbu za njano hakuna jicho la binadamu linaloweza kuona unjano, hata madaktari huwapeleka wagonjwa dirishani. Hilo ni kweli kabisa. Lakini ili aseme hivyo ilibidi aseme pia kwamba hakuwahi kumwona mke wake mchana. Alikuwa akitoka asubuhi kabla hakujapambazuka vizuri, anarudi taa zimeshawashwa, na Jumapili kulikuwa na wateja. Miezi miwili, mitatu, mke wake alikaa akimngoja afike nyumbani kukiwa na jua.

Video ilikuwa bado imesimama. Shemeji alichukua kitambaa akajifuta, kisha akasema kwa upole, "Irudishe ile nyekundu. Mpelekee binti ile. Alikuwa mzuri ndani ya ile. Nani atajua?"

Fundi hakuirudisha. Badala yake alibonyeza video iendelee, na mara hii akaiongezea sauti, maana miaka yote aliitazama bila sauti, kelele za barazani zilimuumiza. Watu wanacheka. Vijiko vinagonga. Kutoka ndani ya nyumba, nyuma ya mlango ulio wazi, sauti ya mwanamume inasema kwa majivuno, "Tazameni uso wa huyu mtangazaji, ni wa maiti. Buluu imezidi. Nipeni rimoti, dakika mbili tu." Wageni wanacheka. Mwanamke mwenye shali ya kijivu anaacha kumimina chai, anageuka, anaelekeza uso wake wa njano kule sauti inakotoka, na anatazama mlango kwa muda mrefu. Hakuna anayetokea. Anarudi kwenye chai yake.

Siku Tatu alipiga magoti mbele ya televisheni. Hakulia kwa sauti. Alikaa tu hapo, karibu na kioo kama mtoto anayekatazwa kukaa karibu na kioo, mpaka video ikaisha na kioo kikawa cheusi. Shemeji aliikunja shali yake taratibu. Alipofika mlangoni aliiweka juu ya kiti badala ya kuirudisha mfukoni, akatoka bila kuaga.

Saa sita simu ililia. Ilikuwa Jumapili.

"Baba! Umeipata?"

Aliangalia kompyuta. Kitufe kilikuwa pale pale alipokiacha. Kingesogea nusu ya unene wa ukucha kuelekea joto, mama yake binti angepona tena, na mtoto angepata bibi mwenye mashavu. Naye angebaki na binti anayepiga simu kila Jumapili. Hakuwa na mtu mwingine wa kumpigia.

"Nimeipata," alisema. "Imekaa sawa. Haijazidi popote."

"Nilijua tu! Nitumie sasa hivi, mtoto yuko hapa ananivuta gauni."

"Nakutumia. Lakini mtoe mtoto chumbani kwanza, mwanangu, ukae kitako."

"Baba? Kuna nini?"

Akasubiri mpaka akasikia mlango wa upande wa pili ukifungwa.

"Mama yako hakuugua ghafla," alisema. "Utamwona kwenye video. Mimi nilikuwa pale pale, na sikumtazama."